Nani anachora mstari wa umaskini? Shilingi 21 na peni 8 za mji wa York



Kuna hesabu moja tunaisikia kila mara: kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya 2024, Wakongo zaidi ya 73 kwa 100 wanaishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Mtu akiitaja, mabishano yanaanza. Mmoja anasema ile ni hesabu ya watu wa mbali, juu mtu wa kijijini mwenye shamba lake la muhogo na mbuzi wawili hawezi kuitwa maskini. Mwingine anauliza: sasa Mbelgiji mwenye friji na televizyo, naye anaandikwa maskini kule kwao, namna gani?

Wote wawili wanauliza kitu kimoja bila kujua: mstari wa umaskini unatoka wapi, na ni nani ameushika ule mkono unaouchora? Mimi nilisoma ekonomi, na katika odituari tulipewa maana mbili tu, tukaziandika katika kaye, tukafanya mtihani, ikaisha. Umaskini kamili ni kukosa vitu vya kumfanya mtu aishi: chakula, nguo, nyumba. Umaskini wa kulinganisha ni kuwa chini sana ya wenzako wa nchi ileile na wakati uleule. Maana hizo ni za kweli, lakini zinaficha kazi yenyewe. Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi tukirudi kwa mtu aliyechora mstari wa kwanza uliojulikana dunia nzima, na tukafanya hesabu yake peni kwa peni.

Mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti

Mtu huyo ni Benjamin Seebohm Rowntree. Alizaliwa 1871 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda kikubwa cha kakao na chokoleti, na familia ilikuwa ya Wakweka, Wakristo wanaopenda maisha ya kiasi. Seebohm alisoma kemia, akaingia kazini katika kiwanda cha baba.

Wakati ule Charles Booth alikuwa amefanya uchunguzi mkubwa London, akasema watu karibu 30 kwa 100 wa mji ule ni maskini. Wengi walijibu kwamba London ni London, mji mkubwa sana, miji midogo haiko vile. Rowntree alitaka kujua kama ni kweli. Mwaka 1899 watu wake walipita nyumba kwa nyumba katika York, mji wa watu kama 75,000. Walifikia familia 11,560 za wafanyakazi, jumla watu 46,754. Hakuchukua sampuli kama sisi tunavyofundishwa. Alichukua karibu familia zote za wafanyakazi wa mji.

Lakini kuhesabu watu si shida kubwa. Shida ni kujua nani aandikwe maskini. Pale njo alifanya kitu ambacho Booth hakukifanya kwa ukali ule: alikaa chini na kalamu akauliza, familia inahitaji pesa ngapi kwa wiki ili miili yao ibaki na nguvu tu, bila kitu kingine?

Hesabu yenyewe

Tumchukue baba, mama na watoto watatu. Kumbuka tu kwamba shilingi 1 ya Uingereza wakati ule ilikuwa na peni 12.

Alianza na chakula. Kama mtu wa kemia, alitumia kazi ya Mmarekani Atwater, aliyepima nguvu ambayo mwili unahitaji. Mwanaume wa kazi ya kawaida alipangiwa kalori 3,500 kwa siku. Halafu alitafuta vyakula vya bei ya chini kabisa vinavyofikisha kiasi kile, akatazama chakula cha zile nyumba za serikali walimowekwa watu fukara, na hata pale akachagua vile vya bei ndogo zaidi. Nyama ya buchani hakuiweka kabisa. Ikatoka shilingi 3 kwa wiki kwa kila mtu mzima, na shilingi 2 na peni 3 kwa kila mtoto. Wazazi wawili ni shilingi 6, watoto watatu ni shilingi 6 na peni 9. Jumla ya chakula: shilingi 12 na peni 9.

Kodi ya nyumba aliiweka shilingi 4, kulingana na kodi ambazo watu walilipa kweli.

Nguo alihesabu peni 6 kwa mtu mzima na peni 5 kwa mtoto, yaani shilingi 2 na peni 3 kwa wote. Makaa ya kupikia na kujipasha moto: shilingi 1 na peni 10. Vingine vyote, kama sabuni, taa na vyombo, peni 2 kwa kila kichwa, jumla peni 10.

Ukijumlisha unapata shilingi 21 na peni 8. Ule njo mstari wa York kwa familia ya watu watano. Mwenye watoto wanne mstari wake ulikuwa shilingi 26. Mume na mke bila mtoto, shilingi 11 na peni 8.

Sasa tafuta kitu ambacho hakimo. Hakuna nauli ya basi wala ya treni. Hakuna gazeti, hakuna stempu ya kumwandikia mtoto aliye mbali, hakuna sadaka ya kanisa, hakuna mchango wa sindika wala wa chama cha matibabu. Baba havuti tumbaku wala hanywi bia, mtoto hapewi hata peni moja ya peremende. Rowntree hakuficha mambo hayo. Aliyaandika yeye mwenyewe katika kitabu chake cha 1901, moja baada ya lingine, ili msomaji aone aina ya maisha ambayo mstari ule unaruhusu.

Juu ya nini aliuchora chini vile?

Wengi wanaosoma juujuu wanafikiri Rowntree aliamini kwamba mtu anayefikisha shilingi 21 na peni 8 si maskini tena. Mambo hayakuwa vile, na mwaka 1986 mwanasosyolojia John Veit-Wilson alilieleza jambo hili vizuri. Mstari ule ulikuwa silaha ya mabishano.

Wakati ule matajiri wa Uingereza walikuwa na jibu moja tayari: maskini ni maskini juu analewa, mke wake hajui kupanga pesa, hawana akili ya kesho. Rowntree alichora mstari ambao hata mtu asiyelewa, mwenye mke hodari kuliko wote, anayenunua unga wa bei ya chini kila siku, hawezi kuishi chini yake. Halafu akahesabu ni wangapi wako chini. Walikuwa watu 7,230, karibu 10 kwa kila watu 100 wa mji, au zaidi ya 15 kwa 100 wa tabaka la wafanyakazi. Hawa aliwaita maskini wa daraja la kwanza: hata wangetumia pesa kwa hekima ya Sulemani, hazifiki.

Halafu aliangalia sababu. Zaidi ya nusu yao walikuwa katika nyumba ambamo mwenye kuleta pesa alikuwa na kazi ya kila siku, lakini mshahara ulikuwa mdogo. Kibarua asiye na ufundi katika York alilipwa kati ya shilingi 18 na 21 kwa wiki. Linganisha na 21 na peni 8. Mtu anaamka asubuhi, anafanya kazi siku sita, analeta pesa yote nyumbani, na bado watoto hawafikishi kalori zao. Waliokuwa chini juu ya kukosa kazi kabisa hawakufika 3 kwa 100 ya kundi hilo. Hoja ya ulevi na uvivu ilipata pigo.

Mstari ulionyesha pia kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Chukua kibarua wa shilingi 20. Akiwa bado hana mtoto, mstari wake ni shilingi 11 na peni 8, kwa hiyo yuko juu, anapumua. Mtoto wa tatu akizaliwa, mshahara uleule unamwacha chini kwa shilingi 1 na peni 8. Watoto wakikua na kuanza kazi, anapanda tena. Akizeeka na watoto wakiondoka, anashuka. Kwa hiyo maskini hawakuwa kabila la watu fulani waliokaa mtaa mmoja. Ilikuwa kama maji ya ziwa yanayopanda na kushuka juu ya familia zilezile, na mtoto wa kibarua alikuwa karibu na hakika ya kupita utoto wake chini ya maji.

Pale ambapo jicho liliingia katika hesabu

Lakini Rowntree alitangaza namba nyingine kubwa zaidi: watu 20,302, karibu 28 kwa 100 wa mji wote. Hii ilifanana sana na ya London, na njo iliyotikisa nchi. Ilitoka wapi?

Alikuwa ameongeza maskini wa daraja la pili, watu 13,072. Hawa mapato yao yalifika juu ya mstari, lakini sehemu ilienda katika mambo mengine, ya faida au ya hasara, na nyumba ikaonekana katika dhiki. Neno la kushika hapa ni «ikaonekana». Wachunguzi waliingia, wakatazama nguo za watoto, kiatu kilichotoboka, sura za watu, wakasikiliza majirani, kisha wakaandika kama nyumba ile ina dhiki au haina. Baadaye Rowntree akatoa wale wa daraja la kwanza, waliobaki wakawa wa daraja la pili.

Kwa hiyo katika uchunguzi uleule mmoja mlikuwa na vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kalori na peni. Cha pili kilikuwa cha macho, na macho yanalinganisha: mchunguzi alijua familia ya kawaida ya York inavaa vipi, na aliyekuwa chini sana ya ile kawaida aliandikwa. Bila kutumia jina lile, Rowntree alikuwa tayari anapima umaskini wa kulinganisha, na watu wengi wa namba yake kubwa walitoka huko. Wapinzani wake, kama Helen Bosanquet wa chama cha misaada cha London, waligonga hasa penye udhaifu wa vipimo hivyo.

Silaha inapogeuka

Mstari wa namna hii ulisafiri, ukafika karibu na sisi. Katika miaka ya 1940 Profesa Edward Batson wa Cape Town alichora mstari wa aina ya York kwa familia za Afrika Kusini, na njia yake ikapanda mpaka Rodezia. Batson naye alionya waziwazi kwamba mstari wake haukuweka senti ya shule, ya dawa, ya gazeti, ya zawadi wala ya akiba. Ulikuwa kipimo cha njaa, hakuna zaidi.

Lakini namba ikishatoka mkononi mwa aliyeichora, inaanza maisha yake yenyewe. Baada ya migomo mikubwa ya Durban ya 1973, mstari ule ukawa katikati ya mabishano ya mishahara ya Waafrika. Mwenye kiwanda aliyefikisha mshahara penye mstari aliweza kusimama na kusema: tazama, wafanyakazi wangu si maskini. Kipimo kilichochorwa chini kabisa ili kuaibisha mishahara midogo kikawa cheti cha mshahara mdogo. Yule mtu hakudanganya namba hata moja. Alisahau tu, au alijifanya kusahau, kwamba orodha ya vitu haikuwa na nauli ya kutosha, kitabu wala dawa.

Hii njo hatari ya mstari wa umaskini kamili. Ukiuliza swali la «mtu anaweza kuishi na kiasi gani?», kuna atakayelisoma kama «tumlipe kiasi gani?». Dalili yake ni rahisi kuiona: mtu anakupa namba lakini hakupi orodha.

Rowntree anausogeza mstari wake

Mwaka 1936 Rowntree alirudi York. Angeweza kuchukua shilingi zilezile, akaongeza kupanda kwa bei, akamaliza. Alifanya hivyo kwa upande mmoja, ili alinganishe: kwa kipimo cha 1899, maskini wa daraja la kwanza kati ya wafanyakazi walishuka kutoka zaidi ya 15 mpaka karibu 7 kwa 100. Lakini alichora pia mstari mpya, wa mahitaji ya mwanadamu. Safari hii aliweka gazeti, redio, karatasi za barua na stempu, tumbaku kidogo, zawadi, mchango wa sindika. Kwa mstari huo mpya, wafanyakazi 31 kwa 100 walikuwa chini.

Tulia hapa kidogo. Mji ni uleule, mwaka ni uleule, mchunguzi ni yuleyule. Umaskini ni 7 au ni 31? Zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inajibu kama maisha yamekuwa bora kuliko zamani, na jibu ni ndiyo. Ya pili inajibu kama watu wanaweza kuishi kama watu wa 1936, na karibu theluthi moja hawakuweza. Redio haikuwa katika orodha ya 1899 juu haikuwapo. Mwaka 1936, nyumba isiyo na redio ilikuwa nyumba isiyosikia habari.

Wazo hili halikuwa jipya. Mwaka 1776 Adam Smith alishaandika kwamba Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila shati la kitani, lakini kibarua wa wakati wake angeona aibu kutokea mbele za watu bila shati kama lile, na kwa hiyo shati ni hitaji la lazima. Karibu miaka 200 baadaye Peter Townsend alilijengea wazo hilo kipimo. Katika uchunguzi wake wa 1968 na 1969, kitabu kikatoka 1979, aliuliza familia za Uingereza kama zina friji, kama zilimkaribisha mgeni kula katika wiki nne zilizopita, kama mtoto alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa, kama wanakula kitu kilichopikwa asubuhi. Kwake maskini ni yule ambaye mapato yake yanamtoa nje ya maisha ya kawaida ya nchi yake.

David Piachaud alimjibu 1981 kwa swali kali: na mtu asiyependa kula cha moto asubuhi, naye ni maskini? Dawa ilipatikana 1983, Joanna Mack na Stewart Lansley walipowauliza wananchi wenyewe vitu gani ni vya lazima, halafu wakamuuliza kila asiyekuwa navyo: hukitaki, au hukiwezi? Swali lile dogo linatenganisha hiari na dhiki.

Sasa tujiulize sisi. Babu yangu hakuwa na telefone na hakuna aliyemwita maskini juu ya hilo. Lakini lisansye wa Bukavu leo, asiye na telefone wala pesa ya mega, anaposikia tangazo la kazi nafasi imeshajazwa. Amartya Sen aliliweka sawa 1983: hitaji la kushiriki bila aibu na watu wako ni kamili, halibadiliki, vitu vinavyolitimiza njo vinavyobadilika kwa mahali na wakati. Kwa maana hiyo, maana mbili za odituari si maadui.

Mtego wa upande wa pili

Lakini tusikimbilie kulinganisha tu. Ulaya leo wanachora mstari hivi: wanapanga watu wote kuanzia mwenye mapato madogo mpaka makubwa, wanamchukua wa katikati, na mstari ni asilimia 60 ya mapato yake. Njo maana Mbelgiji mwenye friji anaweza kuhesabiwa chini ya mstari.

Tujaribu na avenyu moja ya kufikirika, nyumba tisa, mapato ya mwezi kwa dola: 60, 70, 80, 100, 120, 150, 200, 300, 900. Wa katikati ni wa tano, ana 120. Asilimia 60 yake ni 72. Chini ya 72 kuna nyumba mbili.

Sasa vita inafika, barabara inafungwa, kila nyumba inapoteza nusu: 30, 35, 40, 50, 60, 75, 100, 150, 450. Wa katikati ana 60, mstari unashuka mpaka 36, na chini yake bado kuna nyumba mbili tu! Avenyu nzima imeanguka, kipimo kinasema hakuna kilichobadilika. Ukichukua mstari kamili wa dola 90, ulikuwa na nyumba tatu chini, sasa ni sita. Si mchezo wa darasani tu: Uingereza katika mwaka wa 2010-11 hesabu ya watoto maskini kwa kipimo cha kulinganisha ilishuka wakati mapato ya wa katikati yalikuwa yanashuka.

Kwa nchi kama yetu, ambako wa katikati mwenyewe analala na njaa siku nyingine, mstari wa kulinganisha peke yake ungetudanganya. Tunahitaji mstari wa chakula kwanza.

Turudi nyumbani

Namna inayotumika sana leo katika nchi zetu bado ina mifupa ya York. Unaangalia watu wa hali ya chini wanakula nini kweli: bugali, sombe, maharage, samaki wadogo. Unapima kikapu chenye kalori za kutosha, unakipa bei ya soko. Halafu unaongeza sehemu isiyo ya chakula, lakini huibuni kama Rowntree. Unatazama familia zilizo karibu na mstari wa chakula zinatumia kiasi gani kwa nyumba, nguo, shule na sabuni. Jumla ni mstari wa taifa.

Mstari wa Benki ya Dunia unatoka kwingine. Wanachukua mistari ya taifa ya nchi maskini, wanaigeuza iwe bei moja, wanatafuta palipo katikati. Mwaka 1990 ilikuwa dola 1, baadaye 1.25, 1.90, 2.15, na tangu Juni 2025 ni dola 3. Hapa sisi Wakongo tunadanganyika kirahisi, juu dola tunaishika kila siku. Ile dola si ya kambisti wa pembeni ya barabara. Ni dola ya kununua kile ambacho dola moja ingenunua Amerika. Kwa kuwa kodi, kinyozi na unga hapa ni vya bei ya chini kuliko kule, mstari ule ukiuweka katika noti za mfukoni ni mdogo kuliko unavyosomeka.

Mfano wetu wenyewe ni uchunguzi unaoitwa 1-2-3, ulioangalia kazi, biashara ndogondogo na matumizi ya nyumba. Kwa data zake za 2012, mstari wa taifa ulitoa maskini zaidi ya 63 kwa 100. Mstari wa dola 1.90, kwa data zilezile, ulitoa zaidi ya 76. Ni nyumba zilezile, masahani yaleyale. Aliyesema 63 na aliyesema 76, hakuna mwongo kati yao. Na yule mtu wa kijijini mwenye muhogo na mbuzi? Uchunguzi mzuri unahesabu muhogo anaoula kutoka shambani kwake kama matumizi, kwa bei ya soko la pale. Ukisahau kuuhesabu, unamwandika fukara asiye. Ukiuhesabu kwa bei ya Kinshasa, unamtajirisha bure. Ongeza kwamba sensa yetu ya mwisho ni ya 1984, kwa hiyo hata kujua nyumba moja iliyoulizwa inasimama kwa ajili ya nyumba ngapi ni makadirio.

Wengi kati yetu tutachukuliwa kufanya kazi ya kuuliza nyumba kwa nyumba, tablete mkononi. Siku hiyo mama atakuambia wamekula mara moja jana, na kwamba sombe ilitoka kwa jirani. Utaandika au utaruka, juu jua linazama na bado una nyumba sita? Sombe ile isipoandikwa, mstari utabaki palepale, lakini mama yule atahamia upande mwingine wake, na hakuna mtu Kinshasa wala Washington atakayejua kwamba aliyemhamisha ni wewe.